Kutoka Alama 240 Hadi C: Nani Anastahili Sifa?

Kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa Kenya, picha ni zilezile. Wanafunzi wa shule za kitaifa wamebebwa mabegani, walimu wanacheza, wazazi wanapiga vigelegele mbele ya kamera. Hakuna kamera inayokwenda kwenye shule ya kutwa ambayo wastani wake ni D+. Pengine inastahili kwenda, pengine haistahili. Wastani wenyewe hauwezi kutuambia, kwa sababu unatuonyesha mwanafunzi alipofika na kunyamaza kuhusu alipoanzia.

Na alipoanzia panajulikana vizuri. Hadi mwaka 2023, kila mtoto aliyemaliza darasa la nane alifanya KCPE, mtihani wa masomo matano, kila somo likiwa na alama 100, jumla 500. Shule za kitaifa zilichagua kwanza. Waliopata alama 400 na zaidi walikuwa wachache mno: kati ya watahiniwa zaidi ya milioni 1.4 wa mwaka 2023, waliofika hapo ni 8,525 tu. Kundi kubwa zaidi, watoto 658,278, lilikuwa kati ya alama 200 na 299, na wengi wa kundi hilo ndio waliojaza madawati ya shule za kutwa vijijini na mitaani. Miaka minne baadaye wote hukaa mtihani mmoja wa KCSE, na matokeo yao hulinganishwa kana kwamba walipiga mbio kutoka mstari mmoja.

Hapo ndipo linapoingia wazo la thamani iliyoongezwa. Swali lake ni rahisi: mwanafunzi aliyeingia na alama hizi alitarajiwa kupata nini mwishoni, na amepata nini? Tofauti ya hivyo viwili, ikijumlishwa kwa wanafunzi wote wa shule na kugawanywa kwa idadi yao, ndiyo thamani ya shule. Ikiwa juu ya sifuri, wanafunzi wamevuka matarajio. Ikiwa chini, wamepungukiwa.

Ugumu wote umejificha ndani ya neno moja: alitarajiwa. Nani aliyetarajia, na kwa kigezo gani?

Njia iliyozoeleka katika ofisi za walimu ni ya hesabu ya haraka. KCPE ina alama 500, KCSE ina pointi 12, kuanzia E yenye pointi 1 hadi A yenye 12. Basi chukua alama za mtoto, zidisha kwa 12, gawanya kwa 500. Aliyeingia na 400 anatarajiwa kupata pointi 9.6, yaani kati ya B na B+. Aliyeingia na 250 anatarajiwa pointi 6, yaani C. Hesabu hii inaweza kufanywa na yeyote mwenye simu, inaingia vizuri kwenye jedwali la kompyuta, na siku ya wazazi inasomeka vizuri ukutani.

Tatizo ni kwamba haitabiri chochote. Inadhani kwamba nusu ya alama za KCPE ni sawa na nusu ya pointi za KCSE, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulihakikisha. Mitihani hii miwili ni vitu tofauti kabisa. KCPE ilikuwa zaidi ya maswali ya kuchagua jibu, na alama 250 zilikuwa karibu na mtoto wa katikati nchini. KCSE ina insha, majaribio ya maabara na karatasi ndefu za hesabu, na mtahiniwa wa katikati nchini kwa miaka mingi hajafika C. Kumwambia mtoto wa 250 kwamba anatarajiwa C ni kumtarajia apite wenzake wengi waliokuwa sawa naye, kisha kumlaumu mwalimu wake asipofanya hivyo.

Njia sahihi haianzi na kikokotoo. Inaanza na watoto. Wachukue wanafunzi wote nchini walioingia kidato cha kwanza mwaka mmoja wakiwa na alama 240 na uone walichopata katika KCSE. Wako waliopata B, wako waliopata E, wengi wako katikati. Wastani wao ndio matarajio ya mtoto wa 240. Fanya hivyo kwa 241, kwa 300, kwa 410, kisha unganisha wastani hizo kwa mstari mmoja unaopanda. Wanatakwimu wana hesabu ya kuuchora mstari huo bila kuuyumbisha kwa vikundi vidogo, lakini maana yake haibadiliki: matarajio ya mtoto ni kile ambacho watoto wa aina yake wamekipata kweli, katika mtihani uleule, mwaka uleule.

Tuchukue shule mbili za kubuni, na mstari wa kubuni pia, ili hesabu ionekane. Tuseme nchini kote walioingia na alama 200 walipata wastani wa pointi 3, wa 240 walipata 3.9, wa 300 walipata 5.8 na wa 400 walipata 9.4. Shule ya kwanza ni ya kitaifa. Watahiniwa wake 300 waliingia na wastani wa alama 400 na kutoka na pointi 9.0, yaani B. Shule ya pili ni ya kutwa. Watahiniwa wake 40 waliingia na wastani wa 240 na kutoka na 4.6, kati ya D+ na C-.

Kwa hesabu ya haraka, shule ya kitaifa ilitarajiwa 9.6, kwa hiyo imepoteza 0.6. Ya kutwa ilitarajiwa 5.76, kwa hiyo imepoteza 1.16. Mwalimu mkuu wa shule ya kutwa ataitwa kujieleza. Kwa mstari wa wanafunzi halisi, shule ya kitaifa ilitarajiwa 9.4 na imepungukiwa kwa 0.4. Ya kutwa ilitarajiwa 3.9 na imezidi kwa 0.7. Takwimu ni zilezile, watoto ni walewale, ila sasa anayepaswa kujieleza ni mwalimu mkuu mwingine.

Ndani ya shule ya kutwa, mstari huohuo unasomeka mtoto kwa mtoto, na pengine hapa ndipo unapofaa zaidi. Wapo wanafunzi watatu walioketi dawati moja. Wa kwanza aliingia na 285, matarajio yake yakawa 5.3, akapata C yenye pointi 6: amezidi kwa 0.7. Wa pili aliingia na 240, matarajio 3.9, naye akapata C: amezidi kwa 2.1. Wa tatu aliingia na 212, matarajio 3.3, akapata D- yenye pointi 2: amepungukiwa kwa 1.3. Kwenye ubao wa matangazo, wawili wa kwanza wako sawa. Kwa mwalimu mwenye mstari, wa pili ndiye wa kuulizwa alisoma vipi, na wa tatu ndiye aliyestahili kuitwa mapema, labda tangu kidato cha pili.

Kila somo nalo linahitaji mstari wake. Wastani wa kitaifa wa hisabati katika KCSE za mwaka 2016 hadi 2019 haukufika asilimia 30 hata mara moja. Mwalimu wa hisabati akipimwa kwa mstari wa Kiswahili, ataonekana mzembe hata kama amefanya miujiza, na jirani yake wa Kiswahili atapewa zawadi ambayo hakuitolea jasho. Shule zinazogawa zawadi za walimu kwa kulinganisha wastani wa masomo zinafanya kosa hili kila mwaka, na makofi yanapigwa.

Ubaya wa hesabu ya haraka ulionekana wazi katika miaka miwili ya KCSE.

Mwaka wa kwanza ni 2016. Mtihani wa 2015 ulikuwa umevuja vibaya. Matokeo ya watahiniwa 5,101 yalifutwa, na Machi 2016 Waziri wa Elimu Fred Matiang'i aliivunja bodi ya baraza la mitihani. Mwaka huo ulinzi wa karatasi ulikazwa. Matokeo yalipotoka, gredi za A ambazo mwaka 2015 zilikuwa zaidi ya 2,600 zilikuwa 141 tu nchi nzima. Waliopata C+ na zaidi, kiwango cha kuingilia chuo kikuu, walishuka kutoka zaidi ya 160,000 hadi 88,929. Sasa fikiria mwalimu mkuu aliyekuwa akizidisha kwa 12 na kugawanya kwa 500. Kwa hesabu yake, karibu kila shule nchini ilipoteza thamani kwa mwaka mmoja, kana kwamba walimu wote wa Kenya walisahau kufundisha kati ya Januari na Novemba.

Mwaka wa pili ni 2023, na safari hii mambo yalikwenda upande wa pili. Kanuni ya kupata gredi ya jumla ilibadilishwa: hisabati na lugha moja zikabaki za lazima, na masomo mengine matano yakachukuliwa yale ambayo mtahiniwa alifanya vizuri zaidi. Waliopata C+ na zaidi walipanda kutoka 173,345 mwaka 2022 hadi 201,133. Kwa hesabu ya haraka, shule ziliamka zikiwa zimeongeza thamani bila kubadilisha kitu darasani. Kwa mstari wa wanafunzi halisi hakuna shule inayofaidika wala kuumia kwa namna hiyo, kwa sababu mstari unapanda na kushuka pamoja na nchi nzima. Wastani wa kitaifa wa thamani iliyoongezwa huwa sifuri kila mwaka, kwa jinsi unavyotengenezwa.

Hilo la sifuri lina upande wake mchungu, ambao wanasiasa hawaupendi. Haiwezekani shule zote ziongeze thamani. Waziri akiagiza kila shule iwe juu ya sifuri, ameagiza kila mtu awe mrefu kuliko wastani.

Nchi iliyokwenda mbali katika jambo hili ni Uingereza. Mwaka 1983 mtafiti Carol Fitz-Gibbon, akiwa Chuo Kikuu cha Newcastle, alianza na shule 12 za kaskazini mashariki mwa nchi hiyo. Alilinganisha matokeo ya wanafunzi wa miaka 18 na yale waliyokuwa wameyapata wakiwa na miaka 16, somo kwa somo, na kuwarudishia walimu takwimu zao. Mradi huo, uliokuja kuitwa ALIS, ulikuwa na masharti yanayofaa kukumbukwa: takwimu zilikuwa siri ya shule, za kuwasaidia walimu kujitazama, si za kuwachapa hadharani. Badala ya kumpa mwanafunzi gredi moja iliyotabiriwa, mwalimu alioneshwa mchoro wa nafasi zake: kati ya waliokuwa kama yeye, wangapi walipata gredi ya juu, wangapi ya kati, wangapi walianguka. Mtoto wa 240 ambaye mwalimu amemwambia "wewe ni wa D" hajaelezwa ukweli. Kati ya wenzake wa 240 wapo waliopata B, na mchoro huo unawaonesha.

Serikali ya Uingereza haikuwa na haya kama ya Fitz-Gibbon. Ilichapisha. Kipimo cha sasa, Progress 8, kilianza kutumika kwa shule zote mwaka 2016. Mtoto hupimwa kusoma na hisabati akiwa na miaka 11, kisha hulinganishwa na wote waliokuwa na kiwango hichohicho nchini anapofanya mtihani wa miaka 16 katika masomo manane. Kiingereza na hisabati huhesabiwa mara mbili, kwa hiyo nafasi ni kumi. Akiwa alitarajiwa kupata pointi 46 kwa jumla na akapata 51, tofauti ni 5, igawanye kwa 10, unapata 0.5: amezidi wenzake kwa nusu gredi katika kila nafasi.

Kitu cha maana ambacho serikali hiyo haikukisahau, na ambacho shule nyingi za kwetu hukisahau, ni ukingo wa makosa. Kila thamani ya shule huchapishwa ikiwa na kiwango cha chini na cha juu. Turudi kwenye shule yetu ya kutwa. Watoto hawafuati mstari kama treni inavyofuata reli. Tuseme kwa kawaida hutofautiana nao kwa pointi 1.5 hivi, juu au chini. Kwa watahiniwa 40, bahati tu inaweza kusogeza wastani wa shule kwa karibu 0.46 upande wowote. Thamani yake ya 0.7 kwa hiyo iko kati ya 0.24 na 1.16, na yote iko juu ya sifuri. Shule hii kweli imefanya kitu. Lakini kama watahiniwa wangekuwa 12, bahati ingeweza kusogeza kwa 0.85, na 0.7 ileile isingethibitisha chochote. Mwaka ujao shule hiyo ndogo ingeweza kuwa ya mwisho katika wilaya, ikiwa na walimu walewale. Anayezipanga shule ndogo kwa mpangilio wa kwanza hadi wa mwisho bila kuonesha ukingo huu anazipanga kwa bahati nasibu.

Njia ya kugundua hali hiyo haihitaji utaalamu. Tazama miaka mitatu mfululizo. Shule inayoruka kutoka 0.8 hadi -0.6 kisha 0.5 inasimulia habari za udogo wake. Inayokaa 0.4, 0.5, 0.4 ina jambo la kufundisha wengine.

Mstari hata hivyo hauoni kila kitu, na vitu viwili unavikosa vibaya sana.

Cha kwanza ni udanganyifu. Ukiwa katika mtihani wa mwisho, shule iliyonunua karatasi inaonekana imeongeza thamani kubwa kuliko zote. Ukiwa katika mtihani wa kuingilia, mzigo unahamia kwa mtu asiye na hatia: mtoto aliyepewa majibu shule ya msingi anaingia kidato cha kwanza na alama 390 ambazo si zake, matarajio yake yanapanda, na shule ya sekondari inalaumiwa kwa kumshusha. Dalili yake huonekana ukitenganisha wanafunzi kwa shule za msingi walikotoka. Ikiwa wote waliotoka shule moja wanapungukiwa, katika kila sekondari waliyokwenda, basi kasoro haiko sekondari.

Cha pili ni wasiokuwapo. Thamani huhesabiwa kwa waliokaa mtihani. Mtoto aliyeacha shule kidato cha tatu kwa karo au kwa ujauzito hayumo kwenye wastani, na wala hayumo yule dhaifu aliyeshauriwa kwa upole ahamie kwingine kabla ya kusajiliwa. Uingereza mchezo huo umekuwa tatizo kiasi kwamba wakaguzi wa shule wameupa jina na kuuchunguza. Dawa ya sehemu ni kuweka idadi mbili pamoja, ya walioingia kidato cha kwanza na ya waliokaa KCSE. Shule iliyopokea 60 na kusajili 40 ina swali la kujibu kabla ya kupongezwa kwa 0.7 yake.

Kuhusu umaskini, Waingereza wenyewe wamegombana. Kati ya 2006 na 2010 walitumia kipimo kilichozingatia pia hali ya nyumbani, kama mtoto anastahili chakula cha bure shuleni. Serikali iliyofuata ilikiondoa, ikisema kinawapangia watoto maskini matarajio ya chini. Waliokitetea walisema kukiondoa ni kuziadhibu shule za mitaa maskini kwa mambo yaliyo nje ya lango lao. Kila upande una hoja, na kwa Kenya uamuzi si mwepesi: mtoto wa kutwa anayetembea kilomita sita na kusoma kwa koroboi halingani na wa bweni, hata kama wote waliingia na 300. Huenda jibu la busara ni kuhesabu njia zote mbili na kuziweka wazi, lakini si kuchanganya mbili hizo katika namba moja isiyojulikana inapima nini.

Tanzania ilichukua njia nyingine. Januari 2023, NECTA iliacha kutangaza shule kumi bora pamoja na wanafunzi bora, ikieleza kwamba shule hazina mazingira sawa. Hoja hiyo ni ileile iliyozaa kipimo hiki. Tofauti ni kwamba Tanzania ilizima taa, badala ya kuwasha nyingine.

Kwa Kenya sasa kuna shida ya muda. KCPE ilifanyika mara ya mwisho mwaka 2023, na wale walioifanya watakaa KCSE mwaka 2027. Baada ya hapo, mstari wa kuanzia unakatika. Uingereza imepatwa na kadhia hiyohiyo kwa sababu nyingine: mitihani ya watoto wa miaka 11 haikufanyika 2020 na 2021 kwa sababu ya korona, kwa hiyo hakuna Progress 8 kwa waliomaliza 2025 na watakaomaliza 2026.

Wanafunzi wa Kenya wanaoingia sekondari ya juu kuanzia Januari 2026 wanakuja na kitu kipya, matokeo ya KJSEA ya gredi ya tisa. Masomo ni tisa, kila moja lina viwango nane, na jumla ya juu ni pointi 72. Asilimia 60 inatoka kwenye mtihani wenyewe, asilimia 20 kwenye tathmini ya gredi ya sita, na asilimia 20 kwenye kazi zilizosahihishwa na walimu wa shule ya mwanafunzi. Hiyo asilimia 20 ya mwisho itahitaji macho, kwani mwalimu mkarimu atampandishia mtoto matarajio yake bila kujua, na mzigo utakuwa wa shule inayompokea.

Kundi hilo litamaliza gredi ya 12 mwaka 2028. Hadi matokeo yake yatoke, hakuna mtu anayeweza kusema mtoto wa pointi 50 anatarajiwa nini, kwa sababu hajapatikana hata mmoja aliyefika mwisho. Shule zitakazobandika shabaha ukutani kabla ya hapo zitakuwa zimezidisha na kugawanya tu, safari hii kwa 72.